Barua ya ruhusa ya Hijja

Katika kamati ya msikiti wetu hapa Dar es Salaam, katibu ndiye anayeombwa kuandika barua za watu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 alitujia ndugu yetu mmoja, mtunza ghala wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, akitaka tumwandikie mwajiri wake kumwomba likizo bila malipo aende Hijja. Mwaka uliotangulia aliomba kwa mdomo, akajibiwa "hakuna shida", akalipa malipo ya awali ya safari. Mkubwa aliyemwitikia akahamishwa, aliyemrithi hakukuta karatasi yoyote, na safari ikavunjika. Sehemu ya fedha zile haikurudi.

Barua ya kwanza tuliiandika vibaya, na lawama ni yetu. Kwa kuwa tumesomea dini, tulijaza ukurasa mzima kwa hoja za uwajibu wa nguzo ya tano, tukamalizia kwa kuomba ruhusa ya "takriban mwezi mmoja". Afisa utumishi aliirudisha na maswali mawili pembeni: kuanzia lini hadi lini? Ghala atashika nani? Tuliona haya kidogo, kwani mwajiri hakuwa amebisha uwajibu wa Hijja hata mara moja.

Tukaanza upya na kalenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwamo. Ndugu yetu alikwisha kutumia 14 kwa msiba wa nyumbani, zikabaki 14. Ibada yenyewe huanza tarehe 8 hadi 13 Dhulhija, lakini hujaji wa kwetu haendi kwa siku sita: kuna Madina, kuna foleni ya ndege za kurudi. Kikundi chake kilipanga kuondoka Mei 22 na kurejea Juni 20. Tukaongeza siku moja kabla na mbili baada. Mwezi nao huandama kwa kuonekana, kwa hiyo tarehe za barua tulizifunga kwenye tiketi, siyo kwenye Idi.

Aya iliyobeba ombi ikawa hii:

"Ninaomba kutokuwapo kazini kuanzia Jumatano, Mei 21, hadi Jumapili, Juni 22, 2025, jumla ya siku 33. Siku 14 za kwanza, hadi Juni 3, ni salio la likizo yangu ya mwaka. Siku 19 zinazobaki, Juni 4 hadi Juni 22, ninaziomba bila malipo. Nitaripoti kazini Jumatatu, Juni 23. Ndege ikichelewa, nitatoa taarifa siku hiyo hiyo, na siku zitakazozidi zihesabiwe pia bila malipo."

Hapo lilijitokeza jambo ambalo yeye hakuwa amelifikiri. Mshahara wa Juni ungekuwa wa siku 11 tu, na benki ilikuwa ikimkata rejesho la mkopo kila mwezi. Kwenda Hijja huku deni lililofika wakati wake halina pa kulipiwa, na watoto hawana posho, si istitaa tuliyofundishwa. Ilimlazimu aweke rejesho la Juni benki mapema na kumwachia mkewe matumizi ya mwezi mzima. Kama asingeweza, tungemshauri angoje.

Kuhusu ghala, alimpendekeza msaidizi wake, kijana aliyefanya naye kazi miaka mitatu, baada ya kumwuliza kwanza kama yuko tayari. Barua ilieleza kwamba Mei 19 na 20 watahesabu mali pamoja mbele ya mhasibu, wataandika oda ambazo hazijafika na wateja ambao hawajachukua mizigo yao, kisha watatu hao watie saini hati ya makabidhiano, na funguo zikabidhiwe hapo hapo. Simu ya Makka hatukuiahidi. Mtu aliye Arafa asitegemewe kujibu bei ya nondo.

Barua ilipelekwa Februari 17 kwa nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi kwake. Tulimsihi asilipe shilingi nyingine mpaka jibu la maandishi lipatikane. Lilikuja baada ya majuma mawili, likiwa na sharti moja: mhasibu naye awe na funguo za akiba.

Alisimama Arafa Juni 5. Jumatatu ya Juni 23 walihesabu tena ghala na yule kijana. Mifuko minne ya saruji ilipungua. Wakafungua daftari, wakaikuta imeandikwa: ililoa kwa mvua tarehe 27 Mei, mhasibu akashuhudia. Wakatia saini, akapokea funguo zake.