Bei Ishuke, Lakini Nani Analipia?

Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Miezi mitatu kabla, ilikuwa 10.5. Mtaani swali likawa moja: unga na nauli zimenilemea tayari, sasa mnanipandishia na mkopo? Hiyo ni kunisaidia aje?

Ni swali la haki. Riba ya Benki Kuu ndiyo benki zetu huangalia zikipanga bei ya mikopo. Ikipanda, mwenye alitaka kukopa anunue gari anangoja, na mwenye duka anaahirisha kupanua biashara. Pesa inayokimbizana na bidhaa inapungua, na muuzaji anafikiria mara mbili kabla ya kuongeza bei.

Lakini riba hailetangi mvua. Kama mahindi yamekauka shambani, hakuna mkutano wa Benki Kuu utayafufua. Safari hii shida kubwa ilikuwa shilingi. Januari dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160, na mafuta tunanunua kwa dola. Riba ikipanda, mwenye dola anaona afadhali aziuze apate shilingi, aikopeshe serikali yetu avune hiyo faida. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130, na mfumuko wa bei ulikuwa umetoka asilimia 6.9 hadi 5.7. Si riba pekee, tusidanganyane: Februari hiyo serikali pia ilipata pesa za kulipa sehemu kubwa ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni, na wawekezaji wakapumua.

Sasa mwenye mkopo. Chukua mtu amekopa 500,000 za kulipa kwa miaka minne. Kwa riba ya asilimia 14, analipa kama 13,660 kila mwezi. Ikifika 19, ni kama 14,950. Hiyo tofauti ya karibu 1,300 ni shopping ya wiki, na hajakopa hata shilingi moja zaidi. Benki zingine haziguzi malipo ya mwezi, zinarefusha tu muda. Huyu huyu, akiendelea na 13,660 yake, atamaliza miezi saba au minane baadaye. Ukiangalia tu kile kinakatwa kwa mshahara, hutajua.

Kile kinaniudhi ni safari ya kurudi. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kushusha, na Februari 2025 ilikuwa imefika 10.75. Benki zikavuta miguu, hadi Benki Kuu yenyewe ikazisukuma hadharani zishushe. Kupanda ilikuwa lifti, kushuka ni ngazi.

Kwa hivyo kabla hujasaini, uliza: hii riba inabadilika ama imefungwa? Kama inabadilika na Benki Kuu ishashusha, itisha hesabu mpya, pamoja na tarehe ya malipo ya mwisho.