Nilipanda kwenye Fuso, nikaitafuta pikipiki yangu, sikuiona

Leo sina habari ya staa aliyemwacha nani. Nina habari ya mguu wa jirani yangu.

Jina lake nalihifadhi, hapa Karatu tunajuana sana. Ni kijana wa bodaboda, mpole, hanywi, na leseni anayo. Aliumia pale njia panda ya Oldeani, ile ukitoka mjini kwenda geti la Lodoare unaiacha barabara ya Mang'ola mkono wa kushoto. Fuso lilikuwa mbele yake, likapunguza mwendo, likasogea kidogo kulia, kushoto pakabaki nafasi nzuri tu. Akaingia. Kumbe Fuso lilikuwa linakata kushoto. Tairi za nyuma zikampitia mguu wa kulia. Dereva hakujua chochote mpaka utingo alipopiga kelele.

Mtaani watu wakagawanyika. Nusu wanasema madereva wa malori ni wauaji, nusu wanasema bodaboda hawana akili. Mimi nikakaa kimya, kwa sababu nilikuwa na jambo langu. Mdogo wangu ana miaka 20 na mwezi huo huo alikuwa ameanza bodaboda. Mimi mwenyewe natembelea pikipiki ya sisi 125 kila siku kwenda kazini upande wa geti. Kelele za nani ana makosa zisingetusaidia kitu. Nilitaka kujua dereva wa Fuso anaona nini.

Basi nikamwendea mzee mmoja anayebeba vitunguu kutoka Mang'ola. Nikampa shikamoo, nikamweleza shida yangu. Akacheka, akasema, "Binti, panda ukae kwenye kiti changu, halafu uniambie pikipiki yako iko wapi."

Nikapanda. Yeye akamwambia utingo aikalie pikipiki yangu, aiweke upande wa kushoto wa lori, usawa wa mlango, karibu kabisa. Nikatazama dirisha la kushoto, hamna kitu. Nikatazama kioo cha pembeni, naona ubavu wa lori na vumbi. Kile kioo kidogo cha kuangalia chini kilikuwepo, lakini kimefungwa na mpira wa tairi na kimegeuka kinatazama mbinguni. Utingo alikuwa anaongea, sauti naisikia, mtu simwoni. Alipojisogeza pembeni hatua moja, bado. Ilibidi asogee hatua kama tatu ndipo kofia yake ikatokea kwenye kioo.

Kisha akaja mbele, akasimama mbele ya bampa. Nikaona juu ya kofia tu, kama chungwa limewekwa kwenye dashibodi. Akaenda nyuma ya bodi, akapotea kabisa. Upande wa kulia, mlangoni kwangu, ndiko nilikomwona vizuri, maana usukani wetu uko kulia na dirisha liko hapo hapo begani.

Kwa hiyo upande wa kushoto wa lori ndio kipofu kuliko wote, na ndio upande ambao bodaboda wetu wote wanapita. Tumezoeshwa hivyo: pikipiki ikae kushoto kabisa, ipishe wakubwa.

Lile la kusogea kulia nalo mzee alinieleza. Lori refu likikata kushoto, tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele, zinakata kona kwa ndani. Akikata moja kwa moja zitapanda ukingo au zitaingia mtaroni. Hivyo lazima kwanza ajipe nafasi kulia, kisha azungushe. Ile nafasi aliyoiona jirani yangu ndiyo njia ya tairi za nyuma. Likiwa semi lenye tela, linakata ndani zaidi. Na mzee alisema indiketa yake inaweza kuwa inawaka na usiione, kwa vumbi la barabara ya Mang'ola kiangazi. Dalili nyingine zipo: lori limepunguza mwendo karibu na njia panda bila sababu, limejitanua kulia, utingo ametoa mkono dirishani anapigapiga mlango. Ukiona moja tu kati ya hizo, kaa nyuma yake, mbali kiasi cha kuuona uso wa dereva kwenye kioo chake. Usipouona uso wake, naye hawezi kukuona. Ukiuona, angalau anaweza, kama anaangalia.

Mdogo wangu nilipomweleza akasema sawa dada, nitakuwa nakaa katikati ya barabara. Hapana! Hapo ndipo watu wengi wanapotea, wanatafuta sehemu moja ya kukaa siku zote. Upande wako wa barabara una sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia, na unahama kutokana na jicho la nani linakusubiri mbele.

Chukua njia panda ile ile. Sasa unatoka mjini unakwenda getini, hukati kona. Mbele yako kuna Landkruza ya watalii. Kutoka kushoto, Fuso limejaa vitunguu linatoka Mang'ola, limesimama, linataka kukata kulia lije Karatu. Dereva anatazama upande wako. Anaona nini? Anaona Landkruza, na wewe uko nyuma yake. Landkruza ile ni pana, ni ndefu, nyuma ina tairi la akiba, inakuficha wewe na abiria wako. Dereva anasubiri ipite, ikipita tu anaachia klachi, kwa sababu kwenye akili yake barabara imeisha. Wewe ndiyo kwanza unatokea.

Dawa ya kwanza ni kuachana na Landkruza. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni mita 14 hivi kila sekunde. Kuanzia kuona hatari mpaka kusimama kabisa, kwenye lami kavu na breki nzima, unahitaji mita 25 mpaka 30. Ukiifuata gari kwa mita 10 huna kitu mkononi. Rudi nyuma sekunde tatu nzima: gari ikipita nguzo, hesabu, na wewe ndipo uifikie. Hapo dereva wa Fuso anaona gari, anaona nafasi, na ndani ya nafasi anaona mtu.

Dawa ya pili ni kusogea upande lilipo jicho. Fuso liko kushoto, basi sogea kushoto kidogo mapema, ukiwa bado mbali, ili utokeze pembeni mwa Landkruza. Lakini kama anayesubiri ni gari inayokuja mbele yako na inataka kukata kulia ikuvuke, jicho lake liko upande wa mstari wa kati. Hapo sogea kulia. Ukishajua amekuona, au ukishakaribia, jitoe tena mbali naye ubaki na nafasi ya kukwepa. Na kama hakuna gari mbele yako, bali kushoto kuna vibanda na magari yamepaki, kaa kulia ya upande wako. Anayetoka uchochoroni atakuona mapema kuliko ukijibana na vibanda.

Najua kuna mtu atasema mbona taa inatosha. Taa ya mbele iwake mchana, hilo halina mjadala, hata wale wanaozima eti balbu itaungua wawashe. Ila asubuhi hapa, saa kumi na mbili hivi, Landkruza zinakimbilia geti zikiwa kwenye msururu, zote taa zinawaka. Taa yako moja ndogo ikiwa mbele ya mataa mawili ya gari, mtu anaona gari tu.

Halafu kuna macho yenyewe. Pikipiki inayokujia moja kwa moja haionekani kama inasogea, inakuwa kidoa kile kile mpaka ghafla ni kubwa. Kwa kuwa ni nyembamba, mtu anaikadiria iko mbali na inakuja polepole. Ndiyo maana wazoefu wakikaribia njia panda wanaipeleka pikipiki pole kulia kisha kushoto ndani ya upande wao, si kwa fujo, kiasi cha kidoa kusogea na jicho kushtuka. Inasaidia pia kwa ile nguzo ya kioo cha mbele. Baadhi ya Landkruza zimefungwa bomba la hewa linalopanda kandokando ya nguzo hiyo. Mkija kwa mwendo unaolingana, unaweza kubaki nyuma ya nguzo mpaka mkutane. Ukipunguza mwendo kidogo, unatokeza.

Na jua. Saa moja asubuhi unatoka Rhotia kuja mjini, jua liko mgongoni, raha tupu, unaona kila kitu. Dereva anayekuja mbele yako jua liko usoni kwake. Angalia kivuli chako: kikiwa kimelala mbele yako kinaelekea gari, wewe kwake ni giza ndani ya mwanga. Hapo rifleksi haikuokoi. Punguza mwendo, chukulia hujaonekana.

Haya si mambo ya Karatu peke yake. Mwaka 1981 mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California alitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki zilizochunguzwa Los Angeles. Katika zile zilizohusisha pikipiki na gari, karibu theluthi mbili gari ndiyo iliyomwingilia mwenye pikipiki aliyekuwa na haki ya kupita, na kisa cha kawaida kilikuwa dereva kutomwona kabisa. Wenzetu walikuwa na lami nzuri na vioo safi.

Kuna mahali haya yote yanagonga mwamba. Ukungu ukishuka kule juu karibu na geti, hakuna sehemu ya barabara itakayokufanya uonekane, bora usubiri. Ukibeba mishikaki huwezi kuhama haraka, pikipiki inayumba. Na honi kwa Fuso lililopandisha vioo na redio juu ni kazi bure, labda uipige ukiwa bado mbali.

Mdogo wangu nilimpeleka kwa yule mzee naye akapanda kitini. Alitazama kioo cha kushoto muda mrefu. Akashuka, akaomba bisibisi kwa utingo, akakirudisha kile kioo kidogo kitazame chini.