Si kila duara kichwani ni mapunye

Mtoto akitokewa na duara lisilo na nywele kichwani, wengi husema ni mapunye, na mara nyingi ni kweli. Kwa mtu mzima jibu hilo lisikubaliwe haraka. Inaweza kuwa lupasi ya ngozi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele. Hauambukizi, na hausababishwi na uchafu.

Chukua mfano wa mama anayeanika dagaa kando ya ziwa, Mwanza, kichwa wazi tangu asubuhi. Anaona baka la ukubwa wa sarafu, lina magamba na linawasha. Anapaka dawa ya fangasi miezi minne. Baka linazidi kutanuka, ukingo unakuwa mweusi, katikati panabaki peupe na laini.

Huo ulaini ndio wa kuogopa. Penye mapunye, kwa kawaida nywele hukatika na vitundu vyake hubaki, hivyo huota tena baada ya tiba. Penye lupasi vitundu huzibwa na kovu. Palipokwisha kuwa kovu, nywele hazirudi. Dawa huokoa zile zilizobaki. Miezi minne ya kubahatisha ni kubwa.

Kabla ya kusubiri zaidi, mtu wa nyumbani amtazame pia ndani ya masikio na usoni. Mabaka kama hayo hapo huongeza shaka. Kisha aombe rufaa kwa daktari wa ngozi, kama katika hospitali ya Bugando. Daktari anaweza kuchukua kinyama kidogo kutoka kwenye ukingo wa baka kikapimwe. Damu na mkojo navyo hupimwa, kwa sababu kwa wagonjwa wachache lupasi huingia ndani ya mwili, pamoja na figo.

Tiba huanza kwa dawa kali ya steroidi ya kupaka, au sindano ndani ya baka lenyewe. Wengi huongezewa vidonge vya haidroksiklorokwini. Hivi huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kuonyesha matokeo, kwa hiyo mgonjwa asiache mapema. Dozi hufuata uzito, na macho hukaguliwa kadiri miaka inavyokwenda.

Dawa peke yake haitoshi jua likiendelea kuchoma. Mwanza iko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miale huumiza hata siku ya mawingu. Kofia yenye ukingo mpana, au kilemba cha kitambaa kizito kinachofunika hadi masikioni, ni sehemu ya tiba. Usoni na kwenye kipara ipakwe losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, irudiwe kila baada ya saa mbili. Kuanika kufanywe asubuhi mapema. Kugeuza dagaa mchana afanye mwingine. Anayevuta sigara aache, kwani moshi wake huchochea ugonjwa na huweza kupunguza nguvu ya tiba.

Baka likiacha kutanuka na wekundu ukapoa, tiba inafanya kazi, hata kama kipara cha zamani hakijaota kitu.