Radhi za Shangazi kwa Mwali, na Bwana Harusi Asiyejua Kiswahili

Tulimuoza mdogo wetu hapa Unguja kwa kijana wa Kijerumani aliyesilimu. Nikaha ilisomwa msikitini, kisha bwana harusi akaletwa ndani. Ikawa zamu ya shangazi kumuaga mwali, na sisi dada zake tuliomshonea gauni ndio tuliopewa kazi ya kumtafsiria bwana kwa Kiingereza.

Mjue kwanza kwamba ya somo hayatafsiriwi. Yale ni ya wanawake, na yalishakwisha ndani. Ya shangazi husemwa mbele ya wote wawili.

Alimuweka mwali mkekani, akamwekea mkono kichwani. "Mwanangu, nimekupa radhi zangu, duniani na akhera." Sisi tukasema amempa ruhusa. Bwana akajibu ahsante, kama mtu aliyegongewa muhuri bandarini. Tukaona tumekosea, tukarudia: hana kinyongo naye, kila alichomkosea tangu utotoni amemsamehe, na anamuombea kheri. Hapo akainamisha kichwa.

Likaja la stara. "Mstiri mumeo, naye akustiri." Tukihofia atadhani ni habari ya baibui, tukamtajia aya ya 187 ya Suratul Baqara, inayowafananisha mume na mke na vazi. Alikuwa ameshaisoma kwa lugha yake. Tukamwambia, vazi likichanika hushonwa chumbani, halianikwi barazani.

"Na mvumiliane," akasema shangazi. Sisi, kwa mazoea, tukatafsiri kwamba mke avumilie. Bwana akauliza, "Avumilie nini?" Swali zuri. Tukamrejeshea shangazi. "Nimesema mvumiliane, wote wawili. Njaa, maradhi, hasira za siku moja. Kipigo sikukitaja."

La mwisho lilikuwa la bwana peke yake. "Baba, ukimchoka usimtupe. Mrudishe kwetu kwa wema, kama ulivyomchukua." Tukaona haya kulisema siku ya harusi. Tukamwambia tu kwamba shangazi anamkaribisha nyumbani wakati wowote. Akatabasamu.

Shangazi hajui hata neno moja la Kiingereza, lakini alikuwa akimtazama usoni. "Mbona anacheka? Semeni nilivyosema."

Tukasema. Tabasamu likaondoka. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa Kiswahili chake kichache, "Nimesikia, shangazi." Ndipo shangazi akamshika mkono, naye akampa radhi.

Kwa hiyo, wapenzi, mkipewa kazi hii, mkaeni na shangazi usiku wa kuamkia harusi, mumuulize kila neno analikusudia nini. Na lile linalowatia haya msiliruke. Kwetu sisi, hilo ndilo lililokuwa likimlinda mdogo wetu.

Mwenyezi Mungu awajaalie maharusi wetu mapenzi na huruma. Amin.