Saa Mkononi mwa Mkimbiaji

Mwalimu mmoja wa Tanga, mwenye umri wa miaka 45, alikuwa na desturi ya kukimbia alfajiri kandokando ya bahari ya Raskazone. Alinunua saa ya michezo, nayo baada ya majuma matatu ikamwonyesha kuwa upeo wake wa kutumia oksijeni ni 47, kwamba mzigo wa mazoezi yake umezidi, na kwamba yampasa kupumzika kwa muda wa saa 60. Alikuwa akijiandaa kwa mbio za kilomita 21, akakaribia kuziacha kwa kudhani kuwa moyo wake umechoka.

Kumbe saa haipimi oksijeni. Kazi hiyo hufanywa maabarani, mtu akikimbia huku amevaa barakoa ipokeayo pumzi zake. Saa hutazama mwendo na mapigo ya moyo, kisha hukisia. Mwalimu alikimbia kilomita 10 kwa saa, mwendo uhitajio kadiri ya mililita 37 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kila dakika. Moyo wake ulipiga mara 150. Katika utulivu hupiga 55. Saa ilitoa umri wake katika 220, ikapata kikomo cha mapigo 175. Kwa hesabu hiyo alikuwa ametumia asilimia 79 ya nafasi iliyo kati ya 55 na 175. Na ikiwa 37 ni asilimia 79, kamili yake ni 47. Kila mtengenezaji ana kanuni zake, lakini mkondo wa fikira ni huo.

Lakini 220 kutoa umri ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja aweza kuachana nao kwa mapigo 10 au zaidi. Baada ya daktari kumwona mzima, mwalimu alivaa mkanda wa kifuani, ambao husoma mapigo vizuri kuliko saa ya mkononi, akapasha mwili moto, akakimbia kwa kasi dakika tatu mara tatu, ya mwisho kwa nguvu zake zote. Mapigo yakafika 188. Alipoiandikia saa kikomo hicho, mwendo ule ule ukawa asilimia 71, na 47 ikawa 52. Mwili haukuwa umebadilika hata kidogo.

Mzigo nao ukashuka, maana ni jumla ya taabu ya moyo kwa siku kadhaa, ikilinganishwa na majuma yaliyotangulia. Saa za mapumziko huhesabiwa mpaka zoezi gumu lijalo. Hazimkatazi mtu kutembea wala kukimbia polepole.

Joto la Februari huharakisha moyo, tarakimu ikashuka bure. Kwa hiyo mwalimu hulinganisha mbio za njia moja, saa moja ya siku, msimu mmoja. Na akiamka na mapigo 63 badala ya 55, hupumzika, hata saa ikimruhusu.