Umri wa Mzee Asiye na Cheti



Katika jumuiya zetu za Kisangani wamo akina mama waliouza pondu na ndizi sokoni maisha yao yote, na akina baba waliolima na kuvua, ambao hawakupata kamwe karatasi ya mshahara. Kasha la Taifa la Usalama wa Jamii, CNSS, hulipa pensheni kwa waliotolewa michango kazini. Wazee hao hawamo.

Uganda wanayo pensheni isiyodai mchango. (Jina la nchi hiyo linatukumbusha Juni 2000, lakini tuwape haki yao.) Mpango wao, uitwao SAGE, ulianza kwa majaribio mwaka 2010, kwa wenye miaka 65, na 60 huko Karamoja, ulipoenea nchi nzima, umri ukapandishwa hadi 80. Mzee hupewa shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi. Hapimwi umaskini, huulizwa umri tu. Sisi twaona ni haki kuliko kuhesabu kuku wa bibi, kwani mahali ambapo karibu wote ni maskini, nani atawapanga?

Hata hivyo, umri husomwa katika daftari la taifa la vitambulisho, nalo limejaa miaka ya kukisia. Tuchukue mfano wa bibi aliyezaliwa mwaka 1943, karani akamwandikia 1953. Ametimiza miaka 80 mwaka 2023, lakini daftarini ataitimiza mwaka 2033. Amenyimwa miaka kumi, yaani shilingi milioni tatu, na huenda asiifikie siku hiyo. Kosa hugunduliwa kwa kumtazama mtoto wake wa kwanza. Ikiwa huyo alizaliwa mwaka 1960, basi daftari linadai kwamba mama alijifungua akiwa na miaka saba.

Kwetu ingekuwaje? Hesabu ya mwisho ya watu wa Kongo ilifanyika mwaka 1984, na wazee wengi wana kadi ya mpiga kura tu, yenye mwaka waliotaja kwa mdomo. Lakini mji huu una tarehe zake. Bibi akisema alikuwa na mtoto mgongoni siku askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliposhuka, Novemba 1964, hawezi kuwa amezaliwa mwaka 1958, hata kadi iseme nini.

Kisha kuna kitabu cha ubatizo cha parokia, ambacho ninyi mnaweza kuomba kwa paroko kikaguliwe. Msomaji awe mwangalifu. Kwa mtoto mchanga, tarehe ya kuzaliwa iliandikwa ikiwa bado mbichi. Kwa aliyebatizwa mtu mzima, tarehe ya hakika ni ile ya ubatizo. Mwaka wa kuzaliwa ulikisiwa na katekista wa siku hizo. Kitabu kitaonyesha tu kwamba hakuzaliwa baada ya hapo, na kando ya jina lake lipo jina la mama wa ubatizo, ambaye watoto wake huenda wanakumbuka zaidi.