MBIO SI KUTEMBEA KWA HARAKA

Hebu nianze kwa kuwauliza swali. Mbio ni nini? Wengi wenu mtasema ni kutembea kwa haraka. Hata mimi mtu akiniuliza njiani ningemjibu hivyo bila ya kufikiri. Lakini ukishika penseli umchore mtu anayekimbia, jawabu hilo halikufikishi popote. Utachora picha nyingi, na mtu wako atazidi kutembea tu, tena kama mwenye kuchelewa.

Chama chetu cha Kiswahili kimepanga kuonyesha hadithi fupi ya katuni siku ya wazazi. Ndani yake kijana wetu Charo, ambaye ni wa kuchora tu, anavuka daraja la Sabaki akitembea, halafu anasikia kengele ya shule na kutoka mbio. Picha twazichora kwa mkono, kisha twazipiga moja moja kwa simu. Tuna daftari moja tu la kurasa 96, yaani karatasi 48, kwani kila karatasi yachorwa upande mmoja. Tukionyesha picha 12 kwa sekunde, karatasi hizo zote zinaisha kwa sekunde 4! Ndiyo sababu ikatubidi tujifunze namna ya kuchora hatua chache zinazoweza kurudiwarudiwa, na kila karatasi ifanye kazi yake.

Wachoraji wa katuni huigawa kila hatua kwa vituo vinne. Cha kwanza ni kugusa, mguu wa mbele unapofika chini. Cha pili ni kushuka, uzito wa mwili unapoulemea mguu huo. Cha tatu ni kupishana, mguu wa nyuma unapoupita ule uliosimama. Cha nne ni kupanda, mwili unapofika juu kabisa kabla ya hatua nyingine. Kutembea kuna vituo hivyo vinne, na mbio pia zina vituo hivyo hivyo. Sasa tofauti iko wapi?

Tuanze na kugusa. Anayetembea, kisigino cha mbele kinapogusa ardhi, vidole vya mguu wa nyuma bado viko chini. Miguu yote miwili imeshika ardhi, mfano wa mkasi uliofunguliwa. Anayekimbia anatua kwa mguu mmoja tu. Ule wa nyuma umekwisha kuondoka zamani, na umekunjwa goti, unyayo ukitazama nyuma. Ukiichora miguu yote miwili chini kwenye kituo hiki, basi umekwisha haribu. Hata umwinamishe mbele na kumkunja mikono, huyo hakimbii.

Kituo cha nne ndicho kikubwa zaidi. Mwenye kutembea hupanda akiwa bado amesimama kwa vidole vya mguu mmoja. Mwenye kukimbia hupaa. Miguu yote miwili iko hewani na imetanuka, mmoja mbele na mmoja nyuma. Jambo hili si la wachoraji peke yao. Katika mashindano ya kutembea, kama yale ambayo Mkenya Samuel Gathimba alipata nishani ya shaba ya kilomita 20 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2018, waamuzi hukaa njiani wakitazama miguu. Mshindani akionekana kwa macho ameiondoa miguu yote miwili ardhini, huonywa, na maonyo yakizidi hutolewa. Yaani hata sheria ya michezo inakubali kwamba kasi siyo inayofanya mbio. Gathimba anatembea, na wengi wetu hatuwezi kumfikia hata tukikimbia!

Kituo cha tatu, kupishana, ndicho kinachowapiga chenga wengi. Anayetembea anapofika hapo mguu uliosimama umenyooka, na mwili unapita juu yake kama mtu anayeegemea fimbo ndefu. Kwa hivyo kichwa kiko juu. Lakini anayekimbia, goti la mguu uliosimama bado limepinda, kwa maana mguu wake hufanya kazi kama springi. Unabonyea, halafu unamrusha. Kwa hivyo kichwa bado kiko chini, na ule mguu mwingine unapita huku kisigino kikikaribia matako. Mwenye kutembea basi yuko juu anaposimama wima kwa mguu mmoja, na mwenye kukimbia yuko juu akiwa hajasimama kabisa.

Sasa tuingie kwenye daftari. Charo ana urefu wa sentimita 8. Ukimhesabu kuwa mtu wa sentimita 160, milimita 1 ya karatasi ni sentimita 2 za mwili wake. Tulipiga mstari kwa rula pale utosi wake ulipo anapogusa. Katika kutembea, utosi unashuka milimita 1 chini ya mstari, wakati wa kupishana uko milimita 1 juu, na anapopanda uko milimita 2 juu. Katika mbio unashuka milimita 3, wakati wa kupishana bado uko milimita 1 chini ya mstari, kisha akipaa unaruka hadi milimita 3 juu. Tumezidisha kidogo kuliko mtu wa kweli, ili jicho lione.

Hatua moja ya mbio tuliipa picha 4, moja kwa kila kituo. Kwa picha 12 kwa sekunde, hizo ni hatua 3 kila sekunde, au 180 kwa dakika, karibu sawa na wakimbiaji wetu wa masafa marefu. Hatua ya kutembea tuliipa picha 6, yaani vile vituo vinne na picha mbili za katikati. Hizo ni hatua 120 kwa dakika, mwendo wa askari kwenye gwaride. Hatua ya kulia na ya kushoto zikikamilika, mbio zimekula karatasi 8 na kutembea karatasi 12. Kumbe kutembea ndiko kunakomaliza daftari! Jumla ni 20, na zile 28 zilizosalia ni za Charo kusikia kengele, kushtuka na kujikwaa langoni.

Na utajuaje kama umekosea? Funika miguu ya mchoro kwa kiganja, upeperushe karatasi ukitazama kichwa tu. Kikienda sawasawa bila kupanda na kushuka, mtu wako anaelea kama mzimu. Hatua moja ikipanda kuliko nyenzake, anachechemea. Halafu uondoe kiganja, utazame unyayo ulio chini. Kutoka kugusa mpaka kupishana, ni lazima urudi nyuma kwa kiasi kile kile ambacho ardhi inarudi. La sivyo atateleza kama aliyekanyaga ganda la ndizi.

Asiyeniamini na ateremke ufukweni pale mto Sabaki unapoingia baharini, maji yakiwa yamekupwa. Atembee hatua kumi kwenye mchanga mbichi, akimbie hatua kumi, kisha arudi atazame nyayo zake. Za kutembea zitakuwa karibu karibu, zimetulia. Za mbio zitakuwa mbali mbali, na mbele penye vidole mchanga umechimbwa na kutupwa nyuma. Ile nafasi tupu iliyo kati ya unyayo na unyayo ndipo alipokuwa hewani, na kwenye daftari letu nafasi hiyo ni karatasi moja katika kila nne.